Mwezi Uliokuwepo Ulipozaliwa: Waulize Walioiona Ile Alfajiri

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, mbukwenyi. Shikamooni wale wa shikamoo.

Nashukuru kwa kualikwa kuzungumza hapa Dodoma, na nashukuru zaidi kwamba wengi mmekuja na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa kama mlivyoombwa. Nitazungumza juu ya awamu ya mwezi siku mtu alipozaliwa, na jinsi sisi tunaofanya unajimu tunavyoisoma ili kuelewa namna anavyoyapokea maisha. Sitazigusa awamu zote nane kwa uzito sawa. Nimechagua kushughulikia jambo moja ambalo kila ninapokaa na watu wa mikoa hii ya kati naliona likiharibika: mwezi mwembamba wa mwanzo kuchanganywa na mwezi mwembamba wa mwisho. Mmoja ni mchanga, mwingine tunauita balsamiki. Kwa macho wanafanana. Kwa kuwasoma watu, wako mbali kuliko awamu nyingine zozote mbili zilizo jirani.

Nianze na kipimo chenyewe. Awamu ya kuzaliwa ni umbali kati ya jua na mwezi angani wakati mtoto anatoka. Tunaupima kwa digrii, tukianzia kwenye jua. Mwezi ukiwa mahali pamoja na jua ni digrii 0, na hapo mwezi mpya umeingia. Ukiwa upande wa pili kabisa ni digrii 180, nao ni mwezi mpevu. Ukirudi kwenye jua umekamilisha 360, na safari hiyo yote huchukua siku 29 na nusu hivi. Gawanya 360 kwa nane, unapata digrii 45 kwa kila awamu, sawa na siku tatu na robo tatu kwa wastani. Mpangilio huu wa awamu nane za kuzaliwa tunaoutumia leo uliwekwa vizuri na Dane Rudhyar, mnajimu na mtunzi wa muziki aliyezaliwa Paris mwaka 1895 na kufanya kazi yake kubwa Marekani mpaka alipofariki 1985. Kwake yeye digrii 45 za kwanza ni awamu changa, digrii 45 za mwisho, yaani kuanzia 315 hadi 360, ni balsamiki, na awamu ya mpevu inaanzia 180 kwenda mbele. Shikeni hilo la mpevu, nitalirudia.

Sasa, wengi wenu hamna saa ya kuzaliwa, na wengine hata tarehe mna mashaka nayo. Mtu aliyezaliwa nyumbani, kijijini Bahi au Mpwapwa, miaka ya sabini, cheti chake kimeandikwa alipoanza shule au alipotafuta kazi. Lakini mama yake anakumbuka mwezi. Anakumbuka kama walikwenda kwa mkunga kwa koroboi au kwa mwanga wa mwezi. Kumbukumbu hiyo ni data, na mara nyingi naiamini kuliko tarehe iliyoandikwa na karani miaka saba baadaye.

Tatizo ni swali tunalomuuliza. Tukimuuliza "mwezi ulikuwaje?", atasema "ulikuwa mdogo, mwembamba." Kisha kijana anafungua kitabu kilichochorwa Ulaya na kusoma kwamba pembe za mwezi zikielekea kushoto mwezi unakua, zikielekea kulia unapungua. Michoro hiyo ni sahihi huko kwao. Hapa tuko kama digrii sita tu kusini mwa ikweta, na mwezi mwembamba wa kwetu hulala chali, pembe zote mbili zikitazama juu. Hulala hivyo jioni ukiwa mchanga, na hulala hivyo alfajiri ukiwa unaisha. Kutokana na umbo lake pekee, mtu wa Dodoma hawezi kujua ni upi.

Muulizeni mama swali lingine: uliuona saa ngapi, na upande gani? Mwezi mwembamba ulioonekana magharibi baada ya jua kuzama unakua. Mwezi mwembamba ulioonekana mashariki kabla jua halijachomoza unapungua. Hakuna njia nyingine unayohitaji. Na kama mama anaweza kukisia muda, mnaweza hata kupata digrii, kwa sababu anga linazunguka digrii 15 kila saa, na kwetu huku karibu na ikweta jua na mwezi huchomoza wima kiasi kwamba hesabu hiyo haipotoki sana. Mwezi unaozama ndani ya saa tatu baada ya jua uko katika digrii 45 za kwanza, kwa hiyo ni mchanga. Mwezi unaochomoza ndani ya saa tatu kabla ya jua uko katika digrii 45 za mwisho. Hapa Dodoma jua hutoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi mwaka mzima, basi mwezi ulioanza kuonekana kuanzia kama saa tisa na nusu usiku hadi kukucha ni balsamiki.

Kuna siku mwezi hauonekani kabisa, usiku mzima. Hapo mama hawezi kutusaidia peke yake, kwa maana giza hilo ni la siku za mwisho za balsamiki pamoja na siku ya kwanza au mbili za awamu changa. Familia za Kiislamu, na Kondoa ziko nyingi, hutuokoa kwa tarehe zao za mwezi. Tarehe mosi huhesabiwa mwezi mwandamo ukishaonekana, na kuonekana huko huja siku moja au mbili baada ya mwezi kukutana na jua. Kwa hiyo aliyezaliwa tarehe mosi ni mchanga, na aliyezaliwa tarehe 27 ni balsamiki, bila hata kufungua jedwali. Wakristo nao wana Pasaka: Jumapili hiyo hufuata mwezi mpevu, basi mtoto wa Pasaka kwa kawaida ni mpevu au awamu inayofuata. Mchanga hawezi kuwa.

Nalisema hili la tarehe 27 kwa makusudi. Nimesikia mama akiambiwa kwamba mtoto wake aliyezaliwa "mwezi ukifa" ana mkosi, hatadumu kwenye jambo. Maneno hayo yanaumiza, na unajimu hauyasemi. Waislamu huutafuta Usiku wa Cheo katika kumi la mwisho la Ramadhani, nao ni wakati huohuo wa mwezi unaokwisha. Anayemwogopa mtoto wa balsamiki afikirie ni usiku gani watu wanakesha kuomba.

Basi balsamiki wanayapokeaje maisha? Niwape tukio moja ambalo mji huu unalijua kuliko mji mwingine nchini. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu, maelfu ya watumishi walipata barua za kuhama kutoka Dar es Salaam. Tazama watu watatu wakiipokea barua moja.

Wa awamu changa anafungasha. Hajajua atakaa wapi, hajui maji yanapatikana siku zipi, ameshapanda basi. Anatenda kwanza, na maana ya alichokitenda anaielewa baadaye, wakati mwingine miaka baadaye. Ukimwuliza kwa nini alikubali haraka atakupa jibu, lakini jibu hilo amelitengeneza sasa hivi kwa ajili yako. Nguvu yake ni kwamba haburuzi yaliyopita. Udhaifu wake ni kwamba haoni alivyo machoni pa wengine, kwa sababu jua na mwezi wake viko mahali pamoja na hakuna umbali wa kujitazama.

Wa mpevu anaipeleka barua nyumbani na kuiweka mezani. Anataka kujua mwenzake anasemaje, watoto wanasemaje, bosi mpya ni nani. Jua na mwezi wake vinatazamana, kwa hiyo yeye hujijua kupitia mtu aliye mbele yake. Uhamisho kwake ni suala la mahusiano: nani naachana naye, nani nakutana naye. Akikosa wa kuzungumza naye anagawanyika katikati, nusu Dodoma, nusu Dar es Salaam, kwa muda mrefu.

Wa balsamiki, barua ikifika, hashtuki. Miezi kadhaa kabla yake alishaanza kugawa vyombo, kumfundisha kazi kijana wa dawati la jirani, kumaliza madeni ya kikundi. Hakuambiwa na mtu. Alihisi kwamba mahali pale pameisha, na hisia hiyo ilimjia kama uchovu au kama kutopendezwa tena na mambo aliyoyapenda. Watu walimwona amekuwa mvivu. Ndani yake alikuwa anafunga hesabu.

Hapo ndipo ilipo tofauti na mchanga. Wote wawili wanaondoka kwa wepesi, na mtu asiyejua atasema wana tabia moja. Mchanga anaondoka kwa sababu kuna kitu mbele kinamvuta na hakiulizi jina. Balsamiki anaondoka kwa sababu kitu nyuma yake kimekamilika, na anabeba kidogo sana, kile tu ambacho kitahitajika na wale wanaokuja. Mnalima zabibu hapa, na mnavuna mara mbili kwa mwaka. Mnajua mzabibu baada ya mavuno hupumzishwa kisha hupogolewa, na mpita njia akiuona anadhani umekauka. Anayejua anahesabu macho yaliyobaki kwenye fito, kwa sababu mavuno yajayo yamo humo. Mtoto wa balsamiki anahitaji mzazi wa aina hiyo, anayetazama macho ya fito.

Shida yake ya kweli ni nyingine: anaishi mbele ya wakati wa wenzake na hawezi kueleza kwa nini. Shuleni anachoka na mchezo kabla haujaisha. Kazini anaona mradi utakufa wakati wengine wanaukatia utepe. Akijifunza kulazimisha aonekane kama mchanga, aanzishe hiki na kile kila Januari, kila alichoanzisha kinamfia mkononi na anaanza kuamini kweli ana mkosi. Ninapokaa na balsamiki aliyevunjika moyo, karibu kila mara simuulizi ana mpango gani. Namuuliza ni nini hajamaliza, na ni nani anatakiwa kukabidhiwa.

Awamu zilizobaki nazitaja kwa mstari mmoja mmoja, maana zina siku yake. Hilali anasukumana na mazoea ya nyumbani ili apate nafasi, wa robo ya kwanza anajenga na kubomoa palepale, anayekaribia upevu anarekebisha, anauliza "nitaboreshaje?", wa kueneza, baada ya mpevu, hatulii mpaka ameshirikisha alichokielewa, wa robo ya mwisho anageuza imani yake wakati maisha ya nje bado yanafanana na ya jana. Kwa huyu anayekaribia upevu nitoe tahadhari niliyoiahidi. Mama akisema "mwezi ulikuwa mpevu, uliwaka kama mchana", bado hatujapata jibu, kwa kuwa usiku mmoja au mbili kabla ya mpevu mwezi huonekana mviringo vilevile. Muulize: mwezi ulikuwa umeshatoka jua lilipozama, au ulitoka giza likiwa limeingia? Ukiwa ulishatoka, mtoto ni wa kabla ya 180. Ukiwa ulitoka gizani, ni mpevu kamili.

Sasa tufanye mfano mmoja pamoja, mwenye kalamu achukue. Mfano huu nimeutunga, lakini mwezi wake ni wa kweli.

Mwanamke alizaliwa kijijini Kongwa, Februari 1980. Mama yake anakumbuka mambo mawili: kwamba mtoto alitoka alfajiri, mwezi mwembamba ukiwa chini mashariki, na kwamba siku mbili baadaye, akiwa bado ndani na kichanga, mchana ulififia na kuku wakaingia bandani. Kitu cha pili kinatupa tarehe. Tarehe 16 Februari 1980 jua lilipatwa kabisa, na kivuli kilikatiza nchi yetu na kuingia Kenya. Jua hupatwa mwezi ukikutana nalo tu, kwa hiyo siku hiyo ndiyo digrii 0, na kukutana huko kulikuwa karibu saa sita kasoro dakika kumi mchana kwa saa zetu. Kuzaliwa basi ni tarehe 14, tuseme saa kumi na moja alfajiri.

Kutoka saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 14 hadi karibu saa sita mchana wa tarehe 16 ni saa 55. Mwezi hulikaribia jua kwa nusu digrii kila saa, kwa wastani. Nusu ya 55 ni 27 na nusu. Toa kwenye 360, tunapata 332 na nusu. Balsamiki.

Lakini wastani unadanganya, na mnajimu mwangalifu anajua unadanganya upande gani. Jua likipatwa kabisa maana yake mwezi uko karibu na dunia kiasi cha kulifunika lote, na mwezi ukiwa karibu hukimbia zaidi. Siku zile ulikuwa unapata zaidi ya nusu digrii kwa saa, kwa hiyo umbali halisi ulikuwa kama digrii 31, na awamu ni kama 329. Linganisheni na 1 Septemba 2016, wale mliokwenda Rujewa kuona jua likibaki pete: siku ile mwezi ulikuwa mbali, haukulifunika lote, na ulikwenda taratibu. Kwa mwanamke wetu tofauti ya digrii tatu na nusu haibadilishi kitu, maana mpaka uko 315. Angekuwa amezaliwa siku moja na kidogo kabla, ingebadilisha kila kitu, na hapo lazima tufungue jedwali la nyota badala ya kukadiria.

Sasa tujaribu kumbukumbu ya mama kwa njia ya pili. Mwezi uliobakiza digrii 31 kulifikia jua huchomoza kama saa mbili kabla yake. Februari, Kongwa, jua hutoka kama saa kumi na mbili na nusu. Mwezi ulitoka kama saa kumi na nusu, na saa kumi na moja ulikuwa chini mashariki. Mama amesema kweli, na hajawahi kushika kitabu cha nyota.

Tuendelee naye kidogo. Katika unajimu tunahesabu pia kila siku moja baada ya kuzaliwa kama mwaka mmoja wa maisha. Mwezi uliokutana na jua siku mbili na robo baada ya yeye kuzaliwa unasimama katika umri wa miaka miwili na robo. Mkutano uliofuata ulikuwa siku 29 na nusu baadaye, kwa hiyo unasimama kwenye umri wa karibu miaka 32, yaani kuelekea mwisho wa 2011. Miaka mitatu hivi iliyotangulia, 2008 hadi 2011, alikuwa ndani ya balsamiki ya pili, juu ya ile aliyozaliwa nayo. Kama angekaa mbele yangu, hicho ndicho kipindi ningemuuliza. Ningetarajia kusikia habari za kitu kilichokwisha bila ugomvi: kazi, ndoa, mji, au imani fulani. Kama hakuna kilichokwisha, ningerudi kwenye tarehe na kuikagua upya kabla ya kumweleza lolote.

Kukagua huko kuna maana kubwa, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona ni ya saa. Kadi imeandika saa 2 usiku, mtu anaingiza 2:00 kwenye programu, nayo inasoma saa nane za usiku. Amekosea saa sita au kumi na nane kulingana na tarehe aliyoweka, yaani digrii tatu hadi tisa. Lingine ni usiku. Mama akisema "usiku wa Ijumaa", wengi wa zamani wanamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, na hospitali ikiandika inahesabu kuanzia saa sita za usiku. Hiyo ni siku nzima, digrii 12. Asiye na saa kabisa asikate tamaa: awamu ina digrii 45 na siku ina 12, kwa hiyo tarehe peke yake inatosha kwa siku kama tatu kati ya nne. Kwa siku ile ya nne, iliyokatizwa na mpaka, nasoma awamu zote mbili mbele ya mhusika na kumwacha aseme ipi inamjua.

Na niseme wazi mipaka ya kazi hii. Vipimo vya sayansi havijathibitisha kwamba awamu ya mwezi inaumba tabia ya mtu, na mimi siwaelezi kwamba mwezi unamsukuma mtoto. Nausoma kama alama ya saa aliyoingia. Haisemi mtu ataishi miaka mingapi, haichagui mchumba, haitibu ugonjwa. Mtoto anayechoka kila siku apelekwe hospitali kwanza. Asiachwe kwa kuwa "ni balsamiki".

Wenye kadi zilizo na saa waje meza ya kulia, nina majedwali ya mwezi kuanzia 1940. Wasio na saa waje kushoto, na kama mama yupo hai na ana simu, mpigieni sasa hivi. Msimuulize mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo. Muulizeni aliuona jioni au alfajiri, na alikuwa amesimama akitazama wapi.